Picha Tano za Gauni la Krismasi

Yupo mama anayeuza magauni ya watoto Mtaa wa Kongo, Kariakoo. Tangazo lake la sikukuu huko Instagramu ni picha tano tu za kusogeza kwa kidole, na anayefika ya mwisho hana swali lililobaki. Ufundi huo unapungua, na unaniuma.

Picha ya kwanza ina gauni jekundu na tarehe: Jumatatu 15 Desemba hadi Jumatano 24 Desemba, saa 12 jioni. Haandiki "hadi sikukuu". Hata ofa ya Idd huipa siku ya kufungwa, maana mwezi huandama kwa wakati wake na wateja hubishana. Picha ya pili ni bei. Miaka 2 hadi 4, 25,000 imepigwa mstari, chini yake 18,000; miaka 5 hadi 8, 22,000. Nauli ya bodaboda imetajwa kando, isije kumshtua mtu mlangoni. Ya tatu ni vipimo.

Mimi huganda kwenye ya nne, ya malipo. Kwa M-Pesa: piga *150*00#, chagua kulipa kwa simu, ingiza lipa namba, ingiza kiasi, kisha soma jina kabla ya kuthibitisha. Jina la duka limeandikwa kwa herufi nene chini ya lipa namba, ili mnunuzi alilinganishe na linalotokea kwenye simu. Likiwa jingine, amekosea tarakimu, na hapo fedha bado ni yake. Namba hiyo hiyo ameirudia kwenye maelezo chini ya picha, kwa sababu iliyo ndani ya picha hainakiliki, na anayeikariri hukosea. Kisha mstari mmoja ninaoupenda mno: "Usiongeze ya kutolea." Waliozoea kutuma fedha kwenye laini ya mtu wanajua kero inayoondolewa hapo.

Ya tano inaelekeza dukani, na inasema mzigo hutoka pale ujumbe wa malipo unapoingia kwenye simu ya duka. Picha ya ujumbe aliyoituma mteja haitoshi, hughushiwa kirahisi.

Zamani mchuuzi wa Kariakoo alinadi bei kwa sauti, na mtaa mzima ukaisikia ile ile. Leo ni "bei njoo inboksi", na huko kila mtu hupewa ya kwake, kwa kadiri anavyodhaniwa kuwa nazo. Ofa "inaisha hivi karibuni" mwezi Desemba na Februari bado ipo. Namba ni ya laini binafsi, jina halifanani na la duka, na mama wa Mbagala anamaliza jioni nzima akiuliza kama atatapeliwa.

Wapo waliochukua hata picha za huyu mama. Gauni jekundu wameliacha. Bei, tarehe na jina la chini ya namba wamevikata.