Bei ya Ndani Katika Stesheni ya Kaskazini ya Brussels

Msafiri ashukaye katika Gare du Nord, ambayo Waflemi huiita Noordstation, huona treni ikisimama kando ya jukwaa, naye aghalabu hadhani kwamba kati ya magurudumu ya treni ile na reli iliyo chini yake umepita mpaka wa hesabu. Kwani treni ni ya Shirika la Reli la Ubelgiji, lijulikanalo kwa Kifaransa kama SNCB na kwa Kiholanzi kama NMBS, ilhali reli, waya wa umeme ulio juu yake na taa za ishara ni mali ya Infrabel, na kila treni ipitapo, karani mmoja huandika deni na mwenziwe huandika mapato. Hapo zamani vitu hivi vyote vilikuwa chini ya dari moja. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya iliagiza kwa amri yake ya 91/440 kwamba hesabu za njia zitengwe na hesabu za usafirishaji, hata kama shirika litabaki moja. Na tarehe 1 Januari 2005 Wabelgiji wakaligawa shirika lao sehemu tatu: Infrabel yenye njia, SNCB yenye treni, na juu yao SNCB Holding, iliyomiliki stesheni na kuwaajiri watu wote, kisha ikawaazimisha kwa makampuni hayo mengine mawili. Holding hiyo ilidumu hadi mwisho wa mwaka 2013. Kwa mujibu wa sheria hayo yalikuwa makampuni matatu. Ila kwa jicho la mhasibu wa gharama yalikuwa idara za nyumba moja, zikiuziana zenyewe kwa zenyewe, na bei ya biashara hiyo ndiyo niitakayo hapa bei ya ndani.

Jambo la kwanza la kufahamu juu ya bei ya namna hii ni kwamba yenyewe haiongezi senti wala haipunguzi katika hazina ya nyumba nzima. Fedha hutoka mfuko wa kulia zikaingia wa kushoto. Lakini madhali kila mfuko una meneja wake, na kila meneja hupimwa kwa faida iliyoandikwa katika daftari lake, bei hiyo humfanya atende au asitende, na hapo ndipo hasara ya kweli, isiyokuwamo katika bei yenyewe, inapozaliwa.

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu ndogo zinazoshikika kichwani, wala zisidhaniwe kuwa ni hesabu za shirika lolote. Ipo treni ya saa nne za usiku, ipitayo Gare du Nord wakati njia ina nafasi tele. Nauli zake ni yuro 900. Dereva, kondakta, umeme na matengenezo ya mabehewa ni yuro 560. Basi kabla ya kulipia njia zinabaki yuro 340. Kwa upande wa njia, treni hiyo ikipita hulika chuma cha reli na kokoto za tuta, na kazi kidogo huongezeka kwa watu wa ishara, jumla yuro 140 ambazo zisingetumika lau treni isingepita. Kwa hiyo nyumba nzima hupata yuro 200 kwa kila safari, na mwenye akili timamu aliye juu ya idara zote mbili angeamuru treni iende.

Lakini aliye juu hayupo kila usiku. Yupo meneja wa treni, na mbele yake ipo bei. Meneja wa njia ana gharama nyingine zisizobadilika, treni zipite au zisipite: madaraja, vituo vya umeme, mishahara ya walinzi wa njia. Tuseme ni yuro 3,200 kwa usiku, na treni za usiku ni 10. Naye, kwa kutafuta insafu, azigawanya sawasawa, akapata 320 kwa kila treni, akajumlisha na zile 140, akatoza 460. Ni hesabu iliyonyooka, tena hupendwa sana na watu wa daftari kwa kuwa kila gharama imepata wa kuibeba. Meneja wa treni atazama: 340 mkononi, 460 za kulipa, hasara 120. Aifuta treni. Daftari lake lapanda kwa 120, na huenda akasifiwa kwa uangalifu wake. Daftari la njia lashuka kwa 320, kwa sababu zile gharama za kudumu hazikuondoka na treni. Na nyumba yapoteza 200, ambazo hazionekani popote kama kosa la mtu.

Wala mambo hayaishii hapo. Mwezi unaofuata meneja wa njia azigawanya zile 3,200 kwa treni 9, apate 356 na kitu, bei yapanda hadi karibu 496. Sasa ipo treni nyingine ambayo ilikuwa ikibakiza 480 kabla ya njia. Jana ilikuwa na faida ya 20, leo ina hasara ya 16, nayo yafutwa, na nyumba yapoteza 340 nyingine. Kwa treni 8 bei itafika 540. Kila hatua meneja wote wawili wametenda sawasawa na daftari zao, na kila hatua nyumba imezidi kuwa maskini.

Mwaka 1956 mwanauchumi Jack Hirshleifer alionyesha kwa hoja timamu kwamba pale ambapo hakuna soko la nje la bidhaa ile, bei ya ndani iliyo sahihi kwa uamuzi ni gharama ya nyongeza, yaani katika mfano wetu zile yuro 140. Meneja wa treni akitozwa 140 ataona faida ya 200, ambayo ndiyo faida ya nyumba, na ataipeleka treni. Sheria ya Ulaya nayo imekwenda njia iyo hiyo: amri ya 2001/14, na baada yake 2012/34, zinasema kwamba malipo ya msingi ya kupita njiani yawe gharama inayotokana moja kwa moja na kuendesha treni, ingawa zinaruhusu nyongeza kwa masharti.

Ila sasa mgeukie meneja wa njia. Kwa kila treni hulipwa 140 na hutumia 140. Treni ziwe 8 au 10, mwisho wa usiku ana hasara ya 3,200 ile ile. Mtu aliyekwisha kuhukumiwa kupata hasara kabla hajaanza kazi hana haja ya kuhangaika apate nafasi ya treni ya 11, wala hasara yake haitamwambia mkubwa wake kama amefanya kazi vema au vibaya. Tiba iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kuigawa bei sehemu mbili: yuro 3,200 za kila usiku zilipwe kwa mkupuo kwa ajili ya nafasi iliyowekwa tangu mwanzo wa mwaka, na 140 zilipwe kwa kila treni ipitapo. Mkupuo usibadilike kwa kufutwa treni moja. Ukibadilika, umerudi kuwa ile 460 kwa jina jingine, na nimeona mapatano mazuri yakiharibiwa na kifungu kimoja cha namna hiyo kilichoandikwa kwa nia njema.

Fauka ya hayo, zile 140 ziwe kipimo kilichoafikiwa mapema, si gharama halisi ya mwezi. Ikiwa mafundi wa njia wamefanya kazi ya ziada kwa kukosa mpango, gharama ikafika 170, basi 30 zibaki katika daftari la njia, zilikotokea. Zikihamishwa kwa bei, meneja wa treni atabeba uzembe asioweza kuuzuia. Kinyume chake, treni nzito kuliko ilivyoagizwa huila reli zaidi, na kwa hiyo ni aula kutoza kwa kilomita na kwa tani, si kwa idadi ya treni peke yake.

Mpaka sasa tumesema juu ya usiku. Saa mbili asubuhi jambo hugeuka kabisa, kwa sababu treni zitokazo Gare du Nord kwenda kusini hupita katika kiungo cha Kaskazini na Kusini, kilichofunguliwa mwaka 1952, ambacho kina reli 6 tu, ilhali stesheni yenyewe ina 12. Hapo njia ikijaa, treni moja ikiingia nyingine hutoka. Tuseme ile itakayotolewa ingeiletea nyumba yuro 250 baada ya gharama zote za nyongeza. Basi gharama ya kweli ya kuipitisha treni yetu si 140 bali 390, na kwa kuwa inabakiza 340 tu, sharti ikae. Treni ile ile, nauli ile ile, usiku iende na asubuhi isiende. Udhaifu wa kanuni hii ni kwamba zile 250 huzijua mwenye treni inayotolewa, naye akiulizwa atasema 400.

Ubelgiji pana tatizo jingine ambalo mfano wetu hauna. Treni nyingi za abiria wa ndani huendeshwa kwa huduma ya umma na ruzuku ya serikali, na Infrabel nayo hupokea ruzuku. Bei ya njia ikipanda, serikali huongeza upande wa treni. Ikishuka, huongeza upande wa njia. Daftari mbili hubadilika sura, na mlipa kodi ametoa kile kile. Anayesoma matokeo ya meneja mmoja bila kuiangalia bei ya mwaka ule hajasoma kitu.

Sisi wa Afrika Mashariki tuliwahi kuwa na nyumba kama hiyo. Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilishika gati na njia kwa mkono mmoja mpaka lilipogawanywa mwaka 1969, reli zikabaki na makao Nairobi na bandari zikapewa makao Dar es Salaam. Na yale yaliyokuwa maandishi ya daftari yakawa ankara baina ya miji miwili.

Hata hivyo kuna saa ambapo bei ya ndani huwa fedha ya kweli. Mizigo ya reli ilifunguliwa kwa washindani katika Ulaya yote mwaka 2007, na abiria wa kimataifa mwaka 2010. Na katika Gare du Nord husimama treni ya ICE ya Wajerumani itokayo Frankfurt, ikikanyaga reli zile zile. Holding ilipokuwa juu ya idara zote, ushuru mkubwa wa njia ulimwumiza meneja wa treni wa nyumbani katika daftari tu, ilhali mgeni aliulipa kutoka mfukoni mwake, nao ukabaki ndani ya nyumba. Mwenye hila angeweza kukubali hasara ya idara moja kwa furaha. Ndiyo maana Wabelgiji waliweka msimamizi wa serikali aliye nje ya shirika, akague ushuru huo; na anachopaswa kukitafuta kwanza ni gharama ya nyongeza ya treni moja, iliyohesabiwa peke yake, kabla mtu yeyote hajaigawia madaraja.