Kisutu Hakina Jina

Kwenye maduka ya jumla ya kanga, Mtaa wa Uhuru, mteja wa Songea au Mwanza siku hizi haji mwenyewe kuchagua. Anatumiwa orodha kwenye simu: picha, kichwa cha habari, maelezo ya mistari minne mitano, bei ya doti. Akipenda analipa, mzigo unapandishwa basi. Yale maelezo, katika maduka kadhaa, hayaandikwi tena na mtu. Akili mnemba inapewa picha na bei, nayo ndani ya dakika chache inatoa maelezo ya robota zima.

Ninayetaka kusimulia habari zake ni dada anayeyasoma maelezo hayo kabla hayajatoka. Ameuza kanga kaunta miaka mingi kabla ya kupewa kompyuta, na ukimtazama akifanya kazi utaona kwamba macho yake yanakaa kwenye skrini muda mfupi kuliko yanavyokaa kwenye nguo. Kila maelezo anayakagua akiwa na doti yenyewe mapajani. Pembeni ana ankara ya mzigo, futi ya fundi cherehani, kitambaa cheupe kilicholowa na kiberiti.

Siku niliyokaa naye alifika kwenye kisutu. Mashine ilikuwa imeandika: “Kanga maridadi ya kifahari, imefumwa kwa mkono na mafundi wa Zanzibar kwa pamba asilimia 100. Rangi haichuji kamwe. Ina jina lenye hekima, ‘Mgeni njoo mwenyeji apone’, na inafaa kwa kila tukio. Doti moja, jozi mbili.” Kiswahili chake hakina kasoro, na ndiyo hatari yake. Kosa la tahajia hukushtua ukasimama. Sentensi iliyonyooka hukupitisha.

Alianza na jina. Alikunjua nguo, akapitisha kidole juu ya pindo la chini, pale ambapo kwenye kanga nyingine ungekuta maandishi. Hakuna kitu. Kisutu, ile nguo ya nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo watu wa pwani humvisha bibi harusi, kwa desturi hakina jina. Mashine imeona maelfu ya maelezo ya kanga, na karibu yote yanataja jina, kwa hiyo ilipofika mahali pa jina ikajaza. Haikukuta pengo ikaliheshimu. Fikiria mama wa Songea aliyeagiza doti 20 za kuwapa masomo na mashangazi, wote wakaanza kutafuta methali isiyokuwapo.

Kisha “imefumwa kwa mkono”. Hapo hakuhitaji hata kugusa. Kanga huchapwa kiwandani, mji na pindo kwa pamoja, rangi moja baada ya nyingine. “Mafundi wa Zanzibar” nao waliondoka alipogeuza ukingo wa kitambaa, ule wa upande usiokatwa, ambako kiwanda huchapa maneno madogo. Ulisema India. Mzigo mzima wa ankara ile ulitoka huko.

Pamba ilimchukua muda mrefu zaidi, na hapa ndipo nilipoanza kumhusudu. Ukingo haukutaja nyuzi. Akachomoa uzi mmoja wa ulalo na mmoja wa wima, kwa sababu kitambaa kinaweza kuwa na pamba upande mmoja na poliesta upande mwingine. Akawasha kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, inatoa harufu ya karatasi, na jivu lake ukilibana vidoleni linasagika. Poliesta hujikunja, huyeyuka, kisha huacha punje ngumu nyeusi. Nyuzi zote mbili zilisagika. Hata hivyo hakuandika asilimia 100. Moto hukuonyesha kwamba pamba ipo na kwamba poliesta haipo kwa wingi, lakini haukupi hesabu. Akaandika “pamba”, akaacha namba kwa doti zile tu ambazo kiwanda chenyewe kimezichapa ukingoni.

“Haichuji kamwe” aliijaribu kwa kitambaa kilicholowa, akisugua kwenye nyekundu na nyeusi, rangi ambazo huchuja mapema. Kitambaa kilitoka na waridi hafifu. Hata kingetoka cheupe, angelifuta lile neno “kamwe”, maana kusugua dukani hakukuambii nguo itakuwaje baada ya kufuliwa mara kumi. Kilichobaki kwenye maelezo ni ushauri: unapoifua mara ya kwanza, ifue peke yake.

Mwisho “doti moja, jozi mbili”. Doti ndiyo jozi yenyewe: vipande viwili vilivyoungana, karibu mita tatu kwa urefu, ambavyo mnunuzi hukata katikati na kupinda. Jozi mbili ni vipande vinne, na mteja aliyesoma hivyo ana haki ya kuvidai. Alipima kwa futi, kwa kuwa viwanda hupunguza sentimita hapa na pale, akaandika: “Doti moja, vipande viwili; kila kipande takribani sentimita 150 kwa 110.”

Kurudiarudia ni ugonjwa wa aina nyingine, kwa kuwa kila maelezo ukiyasoma peke yake hayana tatizo. Yaweke yote pamoja ndiyo utaona kila kanga ni “maridadi ya kifahari”. Kwa hilo anatumia jedwali la Excel. Vichwa viko safu B. Safu C anachukua herufi 25 za mwanzo, na safu D inahesabu zinajirudia mara ngapi:

```
C2:  =LEFT(B2,25)
D2:  =COUNTIF(C:C,C2)
```

Herufi za mwanzo ndizo anazozijali, maana simu ya mteja hukata kichwa kirefu, na kinachobaki kikifanana na cha jirani yake basi hakuna kichwa. Lakini fomula haioni maana. “Kanga nzuri ya kupendeza” na “Kanga ya kuvutia sana” kwake ni vitu viwili. Kwa hiyo anaficha safu ya picha, anasoma vichwa vitupu, na kila kimoja anajiuliza kama angeweza kwenda shelfu akaitoa doti ile ile. Akishindwa, kinaandikwa upya: jina la kanga kwanza, kisha rangi ya mji, kisha ua. Jina analinakili herufi kwa herufi kutoka kwenye nguo, hata kiwanda kikiwa kimekosea tahajia, kwani mashine hupenda kulisahihisha na mteja akipokea nguo hudhani katumiwa nyingine. Ua analitaja kama wanunuzi wanavyolitaja: korosho ni korosho, si “tone la maji lenye nakshi” kama mashine ilivyoandika.

Kinachonivutia ni kwamba hapambi. Wakaguzi wengi wakifuta sifa ya uongo huweka ya kwao, nyororo kidogo, isiyothibitika vilevile. Kichwa chake cha mwisho kilikuwa “Kisutu chekundu, cheusi na cheupe, hakina jina”.

Bosi alipopita akalalamika kwamba maelezo yamekuwa mafupi, na jirani ana mistari sita. “Bosi, nipe cha kuongeza nitaongeza,” alimjibu, akamsogezea nguo. Bosi aliikunjua, akaitazama, akasema aandike basi kwamba mkunjo wa dukani una dondo na nguo italainika ikifuliwa. Hilo lilikuwa kweli, kidole kilionyesha. Akaliandika, akavuta doti iliyofuata.