Cherehani Irudi, Maneno Yabaki

Kinjumbi, kata ya wilaya ya Kilwa, ni mahali pa kujuana. Waliopendana wakaachana wataonana tu, sokoni au msibani, na SMS aliyoandikiwa mmoja huweza kusomwa na mama, shangazi na mashoga kabla ya jioni. Tena watu wa mwambao wamekulia kwenye kanga na taarabu. Fumbo hawafundishwi, wanalinusa.

Tuseme mwanamke aliyeondoka ameacha vitu vitatu kwa mwenzake wa zamani, naye mwanamume akaandika hivi: “Natumaini unafurahia huko ulikokuchagua. Yale makorokoro yako uliyoyatelekeza bado yamenijazia chumba. Njoo uyachukue kabla sijayagawa.”

Hapo hakuna tusi hata moja, lakini kila sentensi ina mwiba. “Ulikokuchagua” na “uliyoyatelekeza” zinamtaja yeye kuwa mtenda kosa. “Bado” inamlaumu kwa kuchelewa, na “kabla sijayagawa” ni kitisho. Atakayejibu atajibu miiba hiyo. Siku ya kuchukua vitu haitatajwa kabisa.

Ujumbe uleule ukifumwa upya unakuwa hivi:

“Salaam. Cherehani, begi la nguo na bahasha ya vyeti vyako viko kwangu. Jumamosi saa 4 asubuhi nitavifikisha kwa shangazi yako. Ukibanwa, taja siku nyingine.”

Ni herufi 156 pamoja na nafasi, chini ya kikomo cha 160 cha SMS moja, kwa hiyo hata simu ya kitochi inaupokea bila kuukata. Kazi kubwa imefanywa na neno “viko”. Vitu vyenyewe ndivyo vinavyosemwa vilipo. Aliyeviacha na sababu ya kuviacha havikuguswa. Kila kitu kimetajwa kwa jina lake, maana “vitu vyako” vingezua ubishi wa kipi kimebaki. Shangazi amewekwa ili wawili hao wasilazimike kukutana mlangoni, ingawa lazima yeye aombwe kwanza. Sentensi ya mwisho inamwachia mpokeaji nafasi ya kupanga bila kubembelezwa.

Zawadi za uchumba zisichanganywe humo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 71, inaruhusu kudai mahakamani zawadi iliyotolewa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa, mradi mtoaji aliitoa kwa sharti kwamba ndoa ifungwe. Hilo lina mjadala wake, na matunzo ya mtoto vilevile.

Kisha kuna kufungasha. Maneno yote haya mazuri yataharibika nguo zikifungwa ndani ya kanga yenye jina la kuchoma, maana shangazi ataisoma kabla hajafungua fundo. Mfuko wa salfeti unatosha.

Jibu likija “Sawa, Jumapili”, ujumbe umefanya kazi. Likija “Una maana gani?”, mwandishi asijitetee, arudie siku na mahali tu.