Ukingo Mweupe Gizani

Dada amejifunga kanga mpya, amepigwa picha mbele ya ukuta mweupe, kisha fundi amemkata na kumtoa ukutani ili akae kwenye ukurasa wa duka la mtandaoni. Kwenye kompyuta kazi imetulia: nywele zimefuata umbo lake, pindo limenyooka, kivuli laini kimemsimamisha sakafuni. Fundi ninayemheshimu ni yule ambaye hapo bado hachapishi. Anaifungua picha kwenye simu ndogo iliyowekwa mandhari meusi, mwanga wa kioo umeshushwa, kama atakavyoiona mnunuzi aliyejilaza usiku.

Kinachojitokeza kwanza ni uzi wa kijivu kuzunguka kichwa. Chanzo chake ni chepesi kukieleza. Unywele ni mwembamba kuliko pikseli, kwa hiyo pikseli ya ukingoni hubeba nusu nywele, nusu ukuta. Tuseme, kwa kipimo cha 0 hadi 255, nywele ni 20 na ukuta ni 255: pikseli hiyo inakuwa 138. Anapokatwa, programu huifanya ipitishe nusu ya kilicho nyuma yake, lakini rangi yake inabaki 138, na ukuta bado umo ndani. Kwenye ukurasa mweupe hakuna anayegundua. Kwenye #121212, weusi uliopendekezwa na mwongozo wa usanifu wa Material wa Google, ambao ni 18 kwa kipimo chetu, pikseli hiyo inatoa 78 mahali palipostahili 19. Kosa lilikuwapo tangu mwanzo. Ukurasa mweupe ulikuwa unalificha.

Ndiyo maana fundi makini hasubiri simu. Chini ya leya ya dada anaweka leya tatu za rangi tupu, nyeupe, #121212 na nyeusi kabisa, na kuziwasha moja moja. Uzi ukionekana, Photoshop ina Decontaminate Colors, inayoondoa rangi ya ukuta kwenye pikseli za ukingoni na kuweka rangi ya nywele zilizo jirani. Defringe hufanya kazi inayokaribiana na hiyo, lakini ukiiongeza kupita pikseli moja au mbili, rangi za ndani huanza kumwagikia nje na nywele nyembamba zikashikana kama zimepakwa. Hapo ni afadhali kurudi kwenye barakoa na kupitisha brashi kwa mkono.

Kivuli nacho kina taabu yake, na hiki hakisafishiki. Kivuli cheusi chenye nguvu ya asilimia 30 hushusha ukurasa mweupe kutoka 255 hadi 178, na jicho linakiona vizuri. Kwenye 18 kinashusha hadi karibu 13, na hilo hakuna jicho litakalolishika usiku. Dada anabaki anaelea. Nijuavyo, dawa ni moja: kumpa sakafu yake mwenyewe, rangi isiyopitisha kitu, ili kivuli kiwe na pa kulala. Isiwe nyeupe, maana ndani ya mandhari meusi boksi jeupe linachoma macho. Rangi ya udongo iliyofifia inafaa kotekote, na hata weusi wa nywele unapata kitu cha kuonekana mbele yake.

Kisha udogo. Picha ina upana wa pikseli 1080, lakini simu nyingi za bei nafuu zina kioo cha 720, na duka linapanga bidhaa safu mbili. Kila picha inabakiwa na pikseli kama 340. Herufi za jina la kanga zilizokuwa na kimo cha 24 zinashuka hadi 7 au 8, na mistari myembamba ya pindo inashikana au inatetemeka unapopitisha kidole. Anayenunua kanga ananunua na jina lake. Lisiposomeka, ameonyeshwa kitambaa tu. Fundi anakata picha karibu zaidi, kiunoni hadi magotini, na jina analitengea picha ya pili.

Faili aitume simuni kama dokumenti, kwa sababu WhatsApp ikiipokea kama picha huibana na kuifanya JPEG, na uwazi wa PNG unapotea. Baadaye aitume kama picha pia, maana wateja watasambaziana hivyo.

Bado kuna uamuzi ambao kipimo hakiutoi. Baada ya usafi wote huo, upande wa kushoto wa kichwa huenda ukabaki mstari mwembamba unaong'aa, na fundi lazima aamue kama ni mabaki ya ukuta au ni mwanga wa jua. Mabaki ya ukuta huzunguka kichwa chote kwa unene uleule, na rangi yake ni ya ukuta. Mwanga wa jua hukaa upande mmoja, hunenepa begani, hupotea chini ya sikio, na una umanjano kidogo. Huo wa jua fundi anauacha.