Jicho la Mtoto Katika Hadithi: Nani Anaona, Nani Anasema?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, aghalabu hadithi inaposimuliwa na mtoto sisi hukimbilia kusema kwamba mtunzi "ametumia lugha rahisi". Jibu hilo halitoshi, na mara nyingine si kweli. Kabla ya kulitoa, jiulize maswali mawili: ni nani anayeona, na ni nani anayesema?

Chukua riwaya ya Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Kongowea Mswahili anasimulia katika nafsi ya kwanza, na utoto wake wa Tanga anausimulia akiwa amekwishakua. Macho ni ya mtoto lakini ulimi ni wa mtu mzima. Kwa hivyo msamiati mpevu humo si dosari. Mambo huwa tofauti pale mtoto anaposimulia angali mtoto, kwani hapo jicho na ulimi ni vya mtu mmoja. Hapo ndipo watunzi wengi, hasa wanafunzi wetu katika insha, hujikwaa.

Hebu tutazame mfano niliojitungia. Msimulizi ana miaka sita na madalali wamekuja kuchukua vyombo vya nyumbani kwao:

"Mimi kitoto kichanga nisiyejua dhiki za dunia, niliwaona madalali wakitwaa samani zetu kwa ajili ya deni la baba. Vijimacho vyangu vikalengwalengwa na machozi."

Kuna kasoro mbili hapa. Kwanza, mtoto anajua asichoweza kujua: udalali, deni, hata kwamba yeye mwenyewe hajui dhiki. Pili, tazama udogo katika "kitoto" na "vijimacho". Hakuna mtoto anayeyaona macho yake kuwa vijimacho, maana kwake hayo ndiyo macho. Ngeli ya KI-VI ya udogo imetufichulia mtu mzima aliyesimama juu akimtazama mtoto kwa huruma. Huko ndiko kumdunisha. "Kichanga" nalo ni neno la mtoto wa kunyonya, si wa miaka sita.

Wapo wanaojaribu kusahihisha kwa kuandika: "Watu wabaya walichukua vitu vyetu. Nililia sana." Hapa maneno yamepunguzwa, lakini mtoto amepunguzwa pia. Mtoto wa miaka sita hasemi "vitu". Anajua jina la kila kitu alichopanda, alichoficha na alichokatazwa kugusa. Basi soma hivi:

"Wanaume watatu waliingia bila kuvua viatu. Mama hakuwaambia wavue. Walipolibeba kochi nikaona vumbi, shilingi tano, na kifuniko cha kalamu nilichochapwa kwa kukipoteza. Nikakiokota nimwonyeshe mama. Akasema, 'Weka mfukoni.' Hakuniangalia. Baba alikuwa amesema jana kuna mnada. Nikadhani Mnada ni yule mwenye kofia."

Hakuna neno gumu hapa, lakini pia hakuna neno lililorahisishwa kwa makusudi. Mtoto anataja anachokijua barabara, yaani sheria ya viatu, kochi na kifuniko. Hasemi kwamba mamake ameshindwa. Anasema tu kwamba mamake hakuwaambia wageni wavue viatu. Sisi tunaojua maana ya mnada ndio tunaoelewa, na pengo hilo kati ya ajuacho mtoto na ajuacho msomaji ndilo linalozaa kinaya. Mtunzi angeongeza "sikujua wakati huo kwamba tulikuwa tumefilisika", kinaya kingekufa papo hapo. Tazama pia neno "mnada". Mtoto anaruhusiwa kutumia neno la wakubwa ikiwa amelisikia, na akilikosea maana, kosa lake linatuonyesha jinsi anavyoupanga ulimwengu.

Mbinu hii ina mipaka yake. Jicho la miaka sita haliwezi kutueleza kiasi cha deni wala chanzo chake. Mtunzi anayehitaji habari hizo ama aziweke katika mazungumzo ambayo mtoto anayasikia bila kuyaelewa, ama ambadilishe msimulizi. Akimlazimisha mtoto azieleze, utaitambua sauti ya mtu mzima kwa methali zilizopangwa, viunganishi vya sababu kama "kwa minajili ya", na hisia zinazotajwa kabla ya tukio lenyewe kuonekana.

Kwa hivyo, mtahiniwa, ukiulizwa katika Karatasi ya Tatu kuhusu usimulizi wa mtoto, usiishie kuutaja. Bainisha kama msimulizi angali mtoto au anakumbuka utoto wake. Kisha toa tukio moja, onyesha anachokiona, onyesha asichokielewa, na ueleze msomaji anakielewaje. Nawe mwalimu, ukisahihisha insha ya namna hii, usimwondolee mwanafunzi alama kwa kukosa misemo mizito. Pigia mstari kila neno ambalo mtoto huyo asingekuwa nalo, umwulize alilisikia wapi.