Mizani nane na mita mbili za kitambaa

Mtunzi anayeombwa shairi la kutundika kanisani Sikukuu ya Mavuno huanza na mizani. Mwenye mkasi wa kukata herufi huanza na benchi la nyuma, na kwa shairi la namna hii yeye ndiye aliyeanza vizuri.

Tuchukue kanisa ambalo benchi la mwisho liko mita 18 kutoka ukutani. Kwa kukadiria, kila mita tatu za umbali hudai sentimita mbili na nusu za kimo cha herufi. Basi herufi zetu ziwe na sentimita 15. Kitambaa kina upana wa mita mbili. Ukiacha pambizo pande zote mbili, inabaki mita 1.7. Herufi kubwa pamoja na mwanya wake hula kama asilimia 70 ya kimo chake, yaani sentimita kumi na nusu. Mstari mmoja, basi, unabeba herufi 16, nafasi kati ya maneno zikiwemo.

Sasa tazama rasimu ambayo ingemjia mtunzi yeyote:

Bwana tumekuja kwako
Na mavuno ya shambani

Kila mstari una mizani nane kamili, na sikio halilalamiki. Lakini wa kwanza una herufi na nafasi 20, wa pili 21. Kuiingiza mistari hiyo kitambaani kunataka kushusha herufi hadi sentimita 11 na kitu, na waliokaa nyuma wataona rangi tu. Mizani hupima sauti: "kwa" na "sha" ni mizani moja moja kama "a", ila kitambaani kila moja inakula nafasi ya herufi tatu.

Nikashuka hadi mizani sita, nikatafuta silabi nyembamba:

SISI TULIPANDA
UKAKUZA WEWE
POKEA MGANDA
BWANA USIFIWE

Mstari mrefu kuliko yote una 14. Vina vinapishana, -nda na -we. Mkato baada ya "Bwana" niliuondoa, kwa kuwa kituo hicho msomaji hukiweka mwenyewe. Mistari miwili ya mwanzo inategemea 1 Wakorintho 3:6, na mganda ni ule wa Walawi 23:10, hivyo maneno manane hayakubebeshwa mafundisho yote.

Mganda wenyewe una kasoro. Kwa wakulima wa mpunga unaeleweka papo hapo. Penye migomba, mtu angetarajia mkungu, na mkungu ungevunja kina. Hapo ningeandika upya ubeti mzima kuliko kulazimisha neno.

Kabla ya kugusa kitambaa, kata herufi za magazeti, zibandike ukutani kwa gundi ya karatasi, kisha mwombe mzee asiyejua shairi asome akiwa benchi la nyuma. Akikwama kwenye neno, badilisha neno hilo, usipunguze herufi.