Madafu, Mabusha na Mbu: Namna ya Kupanga Slaidi za Dhana na Ukweli

Katika mkoa wa Pwani, tangu vijiji vya Kisarawe vilivyo nyuma ya vilima vya Pugu hadi mji wa Kibaha ulioota kandokando ya barabara ya Morogoro, ipo dhana ya kale, iliyorithiwa kwa wazee wenye heshima zao, kwamba mwanamume anayependa kunywa madafu atapata mabusha. Kweli yenyewe ni kwamba mabusha na matende huletwa na minyoo wembamba mno waitwao filaria, ambao mbu huwachukua kwa mtu mmoja na kuwapeleka kwa mwingine. Na dawa za kuua vijidudu vya minyoo hao zilianza kugawiwa kwa umma nchini Tanzania katika kisiwa cha Mafia mwaka 2000, kisha zikaenea katika wilaya nyingine. Walakini dhana ya dafu haikuondoka, nayo inafaa kutumiwa kupima njia ambayo waelimishaji wengi wa afya wameipenda tangu Shirika la Afya Duniani lilipoieneza kwa wingi mwaka 2020, wakati wa korona: njia ya slaidi zinazotaja dhana kwanza na ukweli baadaye.

Njia hiyo ina hatari iliyokwisha kuonekana. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Norbert Schwarz na wenzake walitoa habari za jaribio walilofanya kwa karatasi ya kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, iliyopanga dhana na ukweli juu ya chanjo ya mafua. Waliosoma karatasi ile waliweza kutenganisha kweli na uongo papo hapo; lakini ilipopita nusu saa tu, baadhi ya dhana zilizokanushwa walizikumbuka kuwa ndizo kweli, maana fikira zao zilikwisha kuzizoea na alama ya kukanusha ilikwisha kufutika. Jaribio hilo liliwafanya wengi wahimize kwamba ukweli utangulie daima. Lakini mwaka 2021 mtafiti Briony Swire-Thompson na wenzake walionyesha kwamba utaratibu wa kutanguliza hiki au kile una athari ndogo, na kwamba lililo kubwa ni sahihisho lenyewe kuwapo. Mimi naona ukweli utangulie, kwa kuwa hilo halina gharama. Lakini slaidi husimama au huanguka kwa jambo jingine, nalo ni kama msomaji amepewa sababu ya kushika mahali pa ile aliyonyang'anywa.

Dhana ya dafu haikuzuka bure. Mnazi hustawi penye joto na unyevu, na mbu hustawi papo hapo. Mgeni atokaye nyanda za baridi akahamia Pwani huanza kunywa madafu mwaka uleule anapoanza kuumwa na mbu wa Pwani, na baada ya miaka mingi, busha linapojitokeza, yeye hukumbuka dafu alilolifurahia wala si mbu asiyemjua. Fauka ya hayo, busha ni maji yaliyojikusanya katika mfuko wa korodani, na dafu ni maji. Fikira huunganisha viwili hivyo bila kuombwa. Kwa hiyo slaidi isemayo tu kwamba madafu hayaleti mabusha humwacha msomaji na shimo kichwani, na shimo hilo dhana ya kale hurudi kulijaza.

Slaidi ya kwanza, basi, isimamishe ukweli peke yake kwa herufi kubwa: Mabusha huletwa na mbu. Picha yake iwe ya mbu. Nimeona watengenezaji wakiweka dafu lenye alama kubwa nyekundu ya mkasi, nao hukosea, kwa sababu alama husahaulika na dafu hubaki. Slaidi ya pili itaje dhana mara moja, kwa herufi ndogo zaidi, na kichwa chake kisiwe Uongo, kwani mtu wa Maneromango huko Kisarawe aliyefundishwa jambo hilo na babu yake ataona babu ametukanwa. Maneno “Husemwa kwamba” yatosha kuwa kichwa. Slaidi ya tatu ieleze kwa nini dhana ilionekana kuwa kweli: minazi na mbu huishi pamoja. Ya nne ionyeshe njia yenyewe: mbu humuuma usiku mtu mwenye minyoo, wakati vijidudu vyao vimejaa katika damu, vijidudu hukua ndani ya mbu kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha mbu huviacha kwa mtu mwingine. Ni lazima iongezwe kwamba ugonjwa hutaka kuumwa mara nyingi kwa miezi na miaka, na kwamba aghalabu huanza utotoni ukadhihirika ukubwani; pasipo maneno hayo msomaji atauliza kwa haki mbona yeye huumwa kila usiku naye ni mzima.

Slaidi hizo, walakini, hazikai pamoja. Zikioneshwa ukutani shuleni hufuatana. Zikipita katika WhatsApp mtu huchukua moja akaipeleka kwa jamaa zake, na aghalabu huchukua ile yenye dhana, kwa kuwa ndiyo imsisimuayo. Hivyo kila slaidi ibebe ukweli wake mwenyewe: chini ya maneno ya dhana yaandikwe palepale kwamba wasababishao ni mbu, kwa herufi zinazosomeka katika simu ndogo bila kuvutwa.

Kuna dhana nyingine ambayo njia hii huiharibu badala ya kuitengeneza, nayo ni kwamba dawa za matende na mabusha zina madhara. Ukiandika upande mmoja kwamba dawa zina madhara, na upande wa pili kwamba dawa ni salama, utakuwa umesema kwa usahihi wa nusu tu. Kwani wale wenye minyoo wengi, wamezapo ivermektini na albendazoli, huweza kuwashwa, kupata homa na kuumwa kichwa kwa siku chache, kwa sababu vijidudu vinakufa mwilini mwao. Aliyeambiwa hakuna madhara, akawashwa usiku uleule, hatamwamini tena mwelimishaji hata atakaposema juu ya dafu. Vilevile mwenye busha aliyetazamia lipungue kwa vidonge huona amedanganywa, ilhali vidonge hukata maambukizo, na busha lililokwisha kutokea huondolewa kwa upasuaji hospitalini. Dhana yenye chembe ya kweli isipangwe katika safu mbili. Ielezwe kwa kauli nzima: nini hutokea, kwa nani, kwa siku ngapi, na ni nani wasiopewa dawa, mathalan wajawazito.

Slaidi ya mwisho impe mtu kazi ya kufanya, na hapa Kibaha ina jambo la kujivunia, kwa maana kiwanda kilichopo huko hutengeneza viuadudu vya bakteria vya kuulia viluwiluwi vya mbu, kimojawapo kikifaa maji machafu ya makaro na vyoo vya shimo, ambamo mbu aina ya kuleksi, aliye miongoni mwa waenezaji wa ugonjwa huu, hupenda kutaga; kazi hiyo na iwe kuvitia humo.

Nawasihi wenye kutengeneza slaidi hizi, kabla hawajazisambaza, wawaoneshe watu wachache wa Maili Moja mjini Kibaha na wa vijiji vya Kisarawe, wawaache wiki nzima, kisha wawaulize swali moja bila kutaja dafu: mabusha hutoka wapi? Wakijibu mbu, kazi imefaa. Wakijibu kwamba waliona tangazo la serikali juu ya madafu, slaidi hizo zivunjwe, zitengenezwe upya.